Uzi: Msaidizi anaishi kwetu, mshahara 12,000 "pamoja na chakula na malazi". Je, makato yangu yako sawa?

Mpangaji_wa_Pili (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba mnikagulie hesabu. Tarakimu nimezirahisisha, si fedha ya nchi yoyote, ila uwiano ni ule ule.

Tuna msaidizi wa kazi za nyumbani anayeishi hapa hapa. Mkataba una mstari mmoja tu kuhusu pesa: "Mshahara ni 12,000 kwa mwezi pamoja na chakula na malazi." Sheria ya kwetu inaruhusu sehemu ya mshahara ilipwe kwa vitu, lakini isizidi asilimia 25.

Nilivyofanya: bili ya sokoni na dukani kwa mwezi ni 15,000. Tuko watano pamoja naye, kwa hiyo chakula chake 3,000. Kodi ya nyumba ni 15,000, vyumba sita, kwa hiyo chumba chake 2,500. Jumla 5,500. Namkabidhi 6,500 mkononi. Asilimia 25 ya 12,000 ni 3,000, na kila kimoja kiko ndani ya 3,000, kwa hiyo naona niko salama. Miezi mitano sasa. Juzi ameniuliza "hii 5,500 imetoka wapi", nikashindwa kumweleza vizuri.

---

Daftari_Jekundu

Uko salama upande wa chakula na malazi, kila kimoja hakijavuka asilimia 25. Ila hati ya mshahara lazima uitoe, si kumpa bahasha tu.

---

Kitasa

Daftari, hati ya mshahara umepatia, kikomo umekosea. Kikomo cha namna hiyo huwa cha vitu vyote kwa pamoja. Pendekezo Na. 201 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2011, lile linaloandamana na Mkataba Na. 189 wa wafanyakazi wa majumbani, linasema aya ya 14 kwamba pawekwe ukomo wa jumla wa sehemu ya mshahara inayoweza kulipwa kwa vitu. Wa jumla. Ukiruhusu asilimia 25 ya chakula, 25 ya chumba, kesho mtu ataongeza 25 ya maji na umeme, na mfanyakazi atabaki na robo.

Mpangaji, hata kabla ya kugusa mbinu yako, makato ya juu kabisa kwa sheria uliyoitaja ni 3,000. Umekata 5,500. Hapo pekee umepunja 2,500 kila mwezi.

Lakini kuna swali la mbele zaidi ambalo hujalijibu. Neno "pamoja na" kwenye mkataba wako lina maana mbili. Moja: 12,000 ndiyo thamani yote, na ndani yake mna chakula na chumba. Ya pili: 12,000 ni taslimu, na juu yake anapata chakula na chumba. Kwa maana ya pili hukati hata senti moja. Mliongea nini siku ya kuajiriana?

---

Mpangaji_wa_Pili

Nitakumbuka vizuri nirudi kwenye hilo. Kwa sasa tuchukue kwamba ni maana ya kwanza. Nataka kwanza nijue thamani yenyewe nimeikokotoa vibaya wapi.

---

Mama_Rejista

Tuanze na bili. 15,000 ya nini hasa? Pitia risiti za mwezi mmoja, na kila kitu ambacho hakiingii mdomoni mwake ukitoe. Sabuni, dawa ya sakafu, nepi, chakula cha paka, maziwa ya kopo ya mtoto mchanga, vinywaji vya wageni. Sabuni na dawa ya sakafu ni vifaa vya kazi. Aya hiyo hiyo ya 14 inataja sare, zana na vifaa vya kinga: hivyo si malipo, na gharama yake haikatwi kwa mfanyakazi. Ukiiacha sabuni kwenye bili ya chakula, unamlipisha asafishe nyumba yako.

Halafu usigawe kwa vichwa, gawa kwa milo. Nani anakula wapi, siku ngapi?

---

Mpangaji_wa_Pili

Nimekaa na risiti. Visivyo chakula chake ni 3,800. Kinabaki 11,200.

Milo: mimi na mwenzangu tunakula kifungua kinywa na chakula cha usiku hapa kila siku, mchana tuko kazini isipokuwa siku nane za mwisho wa wiki. Watoto wawili, wa miaka sita na minane, ratiba ni hiyo hiyo, mchana wanakula shuleni. Yeye ana siku nne za mapumziko kwa mwezi na huwa anakwenda kwao, harudi hadi kesho yake asubuhi. Siku 26 anakula milo yote mitatu hapa.

---

Mama_Rejista

Vizuri, hiyo ndiyo picha inayotakiwa. Tuseme kifungua kinywa ni nusu mlo, mchana mlo mmoja, usiku mlo mmoja.

Mtu mzima mmoja wa familia kwa mwezi wa siku 30: vifungua kinywa 30 ni milo 15, mchana 8, usiku 30. Jumla 53. Watu wazima wawili ni 106. Watoto wa umri huo wahesabu nusu ya mtu mzima, wote wawili wanafanya 53. Familia nzima ni 159.

Yeye: siku 26 mara milo miwili na nusu ni 65.

Jumla ya nyumba 224. Gawa 11,200 kwa 224, unapata 50 kwa mlo. Mara 65, chakula chake ni 3,250 kwa mwezi.

---

Mpangaji_wa_Pili

Subiri. Imepanda? Nilidhani mtaniambia nimemkata zaidi.

---

Mama_Rejista

Kwa chakula ulikosea mara mbili, kila kosa likavuta upande wake. Ulipoacha sabuni na vingine visivyo chakula chake ndani ya bili, uliongeza. Ulipogawa kwa vichwa vitano, ulipunguza, kwa sababu watoto si watu wazima na ninyi mchana hampo. Makosa mawili yakakaribia kufutana. Ndiyo sababu 3,000 yako ilionekana ya haki, na ndiyo sababu hukuweza kuieleza. Mwezi watoto wakiwa likizo ya shule, mchana wanakula nyumbani, na kwa njia yako angekatwa zaidi ya 3,000 kwa kugawa bili iliyovimba, ingawa yeye hajaongeza hata mlo mmoja.

Msikokotoe upya kila mwezi, lakini. Mkubaliane bei ya mlo mmoja, hiyo 50, iandikwe, ikae miezi sita au mwaka. Kila mwezi mnahesabu milo yake tu. Bili ikipanda kwa sababu ya wageni wenu, yeye haimhusu.

---

Nusu_Kikombe

Huo uzito wa nusu mlo umetoka wapi? Uswisi serikali imeweka bei ya kukokotolea: kifungua kinywa faranga 3.50, mchana 10, usiku 8, na kulala 11.50, jumla faranga 33 kwa siku. Hapo kifungua kinywa ni kama theluthi tu ya mchana. Marekani kanuni zao zinapima kwa kima cha chini cha saa moja: kifungua kinywa asilimia 37.5 yake, mchana 50, usiku 62.5. Huko mlo mzito ni wa usiku.

Nimejaribu kwa nyumba ya Mpangaji. Kwa uwiano wa Uswisi chakula chake kinafika 3,414 hivi. Kwa uwiano wa Marekani 3,098. Tofauti ni zaidi ya 300, na hakuna aliyebadilisha sufuria.

---

Mama_Rejista

Sibishi. Uzito ufuate mezani kwenu: kama asubuhi ni chai na kipande, nusu ni nyingi. Kama serikali yenu imeshaweka bei ya mlo, tumia hiyo na uache hizi hesabu zote. Ninachokataa ni mwajiri kubadilisha uzito mwezi huu kwa kuwa umempendeza.

---

Kitasa

Na kabla hatujaenda mbali: Pendekezo 201 linataja vipimo vitatu kama mifano, yaani bei ya sokoni, gharama halisi, au bei iliyowekwa na mamlaka. Mama Rejista anatumia gharama halisi. Bei ya sokoni, kwa mfano bei ya sahani mgahawani, kwa chakula cha nyumbani huwa inamuumiza mfanyakazi, maana ndani yake mna faida ya mwenye mgahawa, kodi ya jengo na mshahara wa mhudumu. Msaidizi amekipika mwenyewe hicho chakula. Ukimtoza bei ya mgahawa unamtoza na jasho lake.

---

Pima_Tena

Mnazunguka mbuyu. Gharama halisi ni ile inayoongezeka kwa sababu yuko. Mwezi akiwa likizo bili ikishuka kutoka 11,200 hadi 9,000, basi gharama yake ni 2,200. Wengine mngekula hata asingekuwepo, na mafuta ya kupikia ni yale yale.

---

Mama_Rejista

Wazo si baya, shida ni kulipima. Mwezi asipokuwepo hakuna anayepika, familia inakula nje, bili ya sokoni inashuka kwa sababu isiyo yake. Au bei zimepanda na bili haishuki kabisa, utasema anakula bure? Labda ulinganishe miezi mitatu kwa mitatu, na nani anaipata miezi mitatu ya namna hiyo.

---

Pima_Tena

Bado naona wastani unampakazia gharama ambayo ingekuwepo hata bila yeye. Tuliache hapo.

---

Geti_Kubwa

Samahani, mimi nina mlinzi analala kibandani kando ya geti. Kampuni ya ulinzi ndiyo inayomlipa. Naweza kuikata kampuni thamani ya hicho kibanda?

---

Kitasa

Geti, hilo ni suala la mkataba wako na kampuni, si la mshahara wake. Ila limenikumbusha jambo. Mlinzi analala getini kwa sababu geti linahitaji mlinzi. Hicho si kitu amepewa kwa matumizi yake. Mkataba 189, kifungu cha 12, unaruhusu malipo ya vitu kwa masharti: mfanyakazi amekubali, vitu ni kwa matumizi na manufaa yake mwenyewe, na thamani iliyopangwa ni ya haki. Kibanda cha kazi hakipiti sharti la pili.

Sasa chumba cha Mpangaji. Nani mwingine analala humo? Kuna nini ndani?

---

Mpangaji_wa_Pili

Analala peke yake. Kuna friza yetu kubwa na meza ya kupigia pasi, chumba kingine hazikuingia. Ni kidogo, mita 3 kwa 3. Nyumba yote mita za mraba 108. Kitasa kipo, ufunguo... tunao sisi.

---

Kitasa

Basi kugawa kodi kwa idadi ya vyumba hakufai. Umemhesabia chumba cha mita 9 sawa na sebule. Kwa eneo, 9 katika 108 ni moja ya kumi na mbili, na 15,000 kwa 12 ni 1,250. Nusu ya ulichokuwa unakata. Sebule na jiko usimgawie sehemu, humo anafanya kazi.

Kisha toa friza na meza ya pasi, au punguza thamani. Chumba ambacho watu wanaingia asubuhi kuchukua nyama kimekuwa stoo yenye kitanda. Pendekezo 201 linaeleza malazi yanayostahili: chumba cha faragha, chenye samani na hewa, kitasa, na ufunguo apewe mfanyakazi. Afrika Kusini inaruhusu makato ya chumba hadi asilimia 10 ya mshahara, lakini kwa masharti kama hayo: kisivuje, kiwe na dirisha na mlango unaofungika, awe na choo na bafu. Sharti likikosekana, makato yanaanguka yote, hayapungui kidogo kidogo. Kwa sheria ya aina hiyo, ule ufunguo ulio mfukoni mwako ungekugharimu makato yote ya chumba.

Umeme na maji usiyaongeze kando. Mtu anayewasha taa moja usiku na kupiga pasi nguo zenu mchana, mita itakudanganya tu.

---

Daftari_Jekundu

Na mwenye nyumba yake mwenyewe, asiyelipa kodi? Atumie rejesho la mkopo wa benki?

---

Kitasa

Hapana. Rejesho linakununulia nyumba wewe, yeye habaki na tofali. Angalia chumba kimoja cha hali hiyo, mtaa huo huo, kinapangishwa kwa kiasi gani, kisha ushuke, kwa sababu mpangaji wa kawaida anakaribisha wageni na kuingia saa anayotaka, na yeye pengine hawezi.

---

Nanga

Mimi naandika kama mfanyakazi, si mwajiri. Mkataba wangu unanilazimisha nilale hapa kwa kuwa kuna mzee anayehitaji kuamshwa usiku kupewa dawa. Nakatwa chumba. Ni sawa?

---

Kitasa

Pendekezo 201 limeligusa: mfanyakazi akitakiwa kuishi kwenye malazi yanayotolewa na kaya, malazi hayo yasikatwe, isipokuwa yeye mwenyewe amekubali. Pendekezo halifungi nchi kama mkataba ulioridhiwa unavyofunga, kwa hiyo tazama sheria ya mahali ulipo inasemaje. Lakini kwako kuna kingine: ukiamshwa usiku, huo ni muda wa kazi au wa kusubiri kazi. Chumba kilichowekwa jirani na mgonjwa ni cha mgonjwa.

---

Pima_Tena

Hapo sikubaliani moja kwa moja. Analala humo siku za kawaida pia, ana nguo zake humo, asingekuwa hapo angelipa pango pengine. Manufaa yapo pande zote mbili.

---

Nanga

Nina nyumba kwetu ninayolipia pango kila mwezi. Watoto wangu wako huko. Hiki chumba hakinipunguzii kitu.

---

Mama_Rejista

Na kuna nchi zimekata mjadala wote. Brazili, Sheria ya Nyongeza Na. 150 ya 2015 inamkataza mwajiri kumkata mfanyakazi wa nyumbani chakula, mavazi, vifaa vya usafi au malazi. Malazi yanaweza kukatwa pale tu ambapo ni makazi tofauti na nyumba anayofanyia kazi, na wamekubaliana wazi. Kwa hiyo, Mpangaji, hatua ya kwanza kabisa ni kusoma kama mahali pako makato yanaruhusiwa. Umesema asilimia 25, sawa, tuendelee.

Chakula 3,250 na chumba 1,250 ni 4,500. Hiyo ndiyo thamani. Makato ni kitu kingine: kikomo ni 3,000, kwa hiyo unakata 3,000 na kumpa 9,000. Ile 1,500 iliyobaki imekwisha, haihamii mwezi ujao wala haigeuki deni. Watu wengi wanachanganya thamani na makato, wanadhani wakishathibitisha 4,500 wana haki ya kuikata yote.

---

Daftari_Jekundu

Na michango ya hifadhi ya jamii tunakokotoa kwenye 9,000, si ndiyo? Ndiyo pesa anayopokea.

---

Mama_Rejista

Siyo, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea kimyakimya. Mshahara wake ni 12,000. Umeulipa kwa njia mbili, 9,000 kwa noti na 3,000 kwa chakula na chumba. Bado ni 12,000. Michango, malipo ya likizo, kiinua mgongo, saa za ziada, vyote vinaanzia 12,000, labda sheria yenu iseme vingine. Mfano mwezi wa saa 200: saa yake ni 60. Mwajiri anayeanzia kwenye taslimu ataandika 45, halafu atazidisha moja na nusu na kujiona mkarimu.

Hati ya mshahara iandikwe hivi, kwa mpangilio huu huu:

Mshahara wa mwezi: 12,000
Michango na kodi ya mapato, vilivyokokotolewa kwenye 12,000: (andika)
Chakula, milo 65 kwa 50: 3,250
Chumba: 1,250
Jumla ya thamani: 4,500
Kinachokatwa, kikomo asilimia 25: 3,000
Taslimu kabla ya michango na kodi: 9,000

Kisha jikague. Taslimu pamoja na kilichokatwa lazima virudi kuwa 12,000, tarakimu iliyo kwenye mkataba. Visiporudi, kuna kitu umekikata mara mbili. Kosa jingine la kawaida, ambalo ukaguzi huu haulioni, ni mwajiri aliyekwisha kushusha mshahara wakati wa mapatano "kwa kuwa utakula hapa", halafu kila mwisho wa mwezi anakata tena chakula kile kile.

---

Nanga

Akienda likizo je? Mimi nilikatwa chakula mwezi ambao nusu yake sikuwepo.

---

Mama_Rejista

Hakuna mlo, hakuna makato ya mlo. Tuchukue huyu wa Mpangaji: katika siku zake 26 akiwa likizo ya malipo siku 13, milo ni 32.5, mara 50 ni 1,625. Mshahara unabaki 12,000 kwa kuwa likizo ni ya malipo. Chumba kikibaki 1,250, jumla ni 2,875, ambayo iko chini ya kikomo, kwa hiyo unakata 2,875, si 3,000. Anapokea 9,125. Tofauti inaonekana ndogo kwa sababu kikomo kilikuwa kimeshameza sehemu ya thamani. Bila kikomo ungeiona wazi.

---

Kitasa

Chumba mwezi huo mimi ningekata nusu, 625. Taslimu inakuwa 9,750. Hatumii, na Mkataba 189 unasema halazimiki kubaki kwenye kaya wakati wa likizo. Huwezi kumtoza kitanda ambacho ana haki ya kukiacha.

---

Pima_Tena

Lakini sanduku lake limo, na mwajiri hawezi kumweka mtu mwingine. Mpangaji yeyote akisafiri, pango analipa.

---

Kitasa

Mpangaji wa kawaida ana mkataba wa pango na habanduliwi siku anayoacha kazi. Huyu anabanduliwa. Muandike mapema mmekubaliana lipi, vinginevyo kila likizo itakuwa ugomvi.

---

Mpangaji_wa_Pili

Nimerudi. Nimeongea na mwenzangu, na nimeangalia meseji za siku ile. Nilimwandikia hivi: "Mshahara 12,000, kula na kulala juu yangu."

---

Kitasa

Basi umejijibu. "Juu yangu" maana yake ni ile ya pili. 12,000 ni taslimu. Na hata bila meseji, maneno yenye utata kwenye mkataba ulioandika wewe kwa kawaida yanasomwa dhidi yako wewe uliyeandika.

Kwa hiyo makato halali yalikuwa sifuri. Unamdai sifuri, anakudai 5,500 kwa miezi mitano, yaani 27,500. Ingekuwa maana ya kwanza angekudai 2,500 kwa miezi mitano, 12,500.

---

Mpangaji_wa_Pili

27,500 sina kwa mkupuo. Na siwezi angalau kutoa ile thamani ya ziada niliyompa, maana chakula amekula kweli?

---

Mama_Rejista

Huwezi, chakula uliahidi kipo juu yako. Kuhusu mkupuo, mwambie kiasi chote leo, kwa maandishi, mpange awamu anazozikubali yeye, na kila awamu iingie kwenye hati ya mshahara kama "malimbikizo" ikitajwa mwezi wake. Usiichanganye na mshahara wa mwezi husika. Michango ya hifadhi ya jamii ya miezi hiyo ikague pia: kama uliipeleka kwa 6,500, kuna pengo, na mahali pengi kuna faini ya kuchelewa.

---

Mpangaji_wa_Pili

Niliipeleka kwa 6,500.

---

Mama_Rejista

Basi anza na hiyo, kabla faini haijakua.

---

Daftari_Jekundu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kuanzia mwezi ujao hawezi kubadilisha mkataba uwe 12,000 yote ndani, akate 3,000 kihalali?

---

Kitasa

Anaweza kumwomba. Hawezi kumtangazia. Kutoka 12,000 taslimu kwenda 9,000 ni kushusha mshahara, na mtu anayelala kwako hana nguvu sawa ya kusema hapana, kwa hiyo saini yake peke yake ningeitilia shaka. Kama anampa kitu cha kulingana nacho, saa pungufu mathalani, hapo pana mazungumzo.

---

Pima_Tena

Na mfanyakazi mpya atakayekuja baadaye?

---

Kitasa

Huyo mkataba wake uandike sentensi mbili badala ya moja. Ya kwanza itaje mshahara wote. Ya pili itaje kiasi gani cha huo kinalipwa kwa chakula na chumba, kwa bei gani ya mlo, na taslimu isiyopungua kiasi gani.

---

Mpangaji_wa_Pili

Leo nimempa ufunguo na tumehamisha friza. Imekaa sebuleni, inanguruma. Hesabu ya awamu nitaiweka hapa nikishakaa naye kesho jioni.